Stakabadhi siyo hati: barua ya kuomba karatasi za gari kabla ya kulipa

Juzi nilikuwa gereji, Unga Limited hapa Arusha, nikamsikia dalali akimtuliza mteja: "Usiwe na wasiwasi kaka, stakabadhi za gari zote zipo." Nikamuuliza stakabadhi zipi. Akanionyesha kivuli cha kadi, kimekunjwa mara nne. Neno hili nimelisikia likitumika hivyo mara nyingi mno, na kila mara kuna mtu anayetoa pesa kwa kuliamini.

Nilichokusudia kueleza ni barua. Mnunuzi amelitazama gari, bei wameafikiana, lakini kabla ya kulipa anamwandikia muuzaji kuomba kumbukumbu za sevisi na karatasi za umiliki zinazokosekana. Barua hiyo siyo mkataba wala siyo ahadi ya kununua, na ni vizuri iseme hivyo yenyewe. Maana yake ni hiyo tu. Ugumu uko kwenye kujua unaomba nini hasa, na hapo ndipo maneno matatu yanapochanganywa: nyaraka, stakabadhi na hati.

Nyaraka ni wingi wa waraka, neno lililotoka kwenye Kiarabu likiwa na maana ya jani au karatasi. Kwa hiyo anayekwambia "nyaraka zipo" amekwambia kwamba karatasi zipo, basi. Stakabadhi ina mzizi mmoja na kukabidhi na makabidhiano. Asili yake ni kushika, kutia mkononi. Ndiyo maana bahili naye huitwa kabidhi, kwa kuwa mkono wake umefumba, na serikalini tuna Kabidhi Wasii Mkuu, anayeshika mali za marehemu. Stakabadhi basi ni ushahidi kwamba kitu kimetoka mkono huu kikaingia ule, na mara nyingi kitu hicho ni pesa. Haisemi kama aliyepokea pesa alikuwa na haki ya kuuza. Hati ni jambo jingine. Asili yake ni mwandiko, na hadi leo tunamsifu mtoto kuwa ana hati nzuri, lakini kwenye mali tumeipa kazi ya maandishi yanayobeba haki, kama tunaposema hati ya nyumba. Kwenye gari, karatasi iliyo karibu zaidi na maana hiyo ni kadi ya usajili inayotolewa na TRA. Aliyeandikwa jina kwenye kadi huhesabiwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine.

Mdogo wangu alitaka kununua Noah ya zamani, ile ya SR40, kwa mtu wa Moshi, milioni 9. Alitaka kulipa siku hiyohiyo ili arudi Arusha akiwa analiendesha. Nikamwomba asubiri, muuzaji atume kwanza picha za karatasi. Zikaja mbili. Ya kwanza ni ya kadi, yenye jina la mama mmoja ambaye siye muuzaji. Ya pili ni karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa kalamu mwaka 2019: "Nimepokea shilingi milioni sita, malipo ya Noah," na sahihi ya huyo mama. Namba ya gari haipo, namba ya chesesi haipo. Na aliyelipa hizo milioni sita siye muuzaji wetu, ni mtu wa katikati, ambaye naye alimuuzia muuzaji wetu mwaka 2022 bila kuandikiana chochote.

Ile karatasi ya 2019 ndiyo stakabadhi halisi, na ukiisoma utaona upungufu wake. Inathibitisha pesa ilipokelewa. Haithibitishi ni Noah ipi, na inaishia kwa mtu wa pili, wakati gari liko kwa mtu wa tatu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, imejengwa juu ya kanuni kwamba mtu hawezi kukupa umiliki ambao yeye mwenyewe hana, isipokuwa kwa hali chache. Kwa hiyo kila mkono gari lilimopita unahitaji maandishi yake.

Barua tuliyoandika ilikuwa hivi:

"Ndugu, salaam. Nimeliona gari na bei tuliyokubaliana sina shida nayo. Kabla ya kulipa naomba kuona kadi orijino, siyo kivuli, mkataba wa mauziano kati ya aliyeandikwa kwenye kadi na aliyenunua 2019, na mkataba kati ya huyo na wewe. Yote iwe na namba ya chesesi na namba ya injini. Pia naomba kumbukumbu za sevisi za gari, hata kama ni risiti za oili tu. Barua hii si ahadi ya kununua. Nikishaona hivyo nitakujibu ndani ya siku tatu."

Kadi orijino tuliiomba kwa sababu moja. Gari likiwekwa dhamana ya mkopo, mkopeshaji hubaki na kadi, na mwenye gari hubaki na kivuli safi kabisa. Kivuli hakikwambii orijino iko kwa nani.

Muuzaji alijibu kwa uungwana, na jibu lake ndilo lililotuonyesha tatizo. Yule mama amefariki. Gari bado linasoma jina lake, na marehemu hasaini mkataba. Hapo anayeweza kusaini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, siyo mtoto mkubwa wala mjomba, hata kama familia nzima imeridhia. Tukaomba barua ya uteuzi ya msimamizi, na pesa ikabaki benki.

Kuhusu sevisi, muuzaji alisema hana daftari, lakini "gari limefanyiwa sevisi juzi tu." Kufanyiwa sevisi juzi siyo historia ya sevisi. Historia ni mfululizo: tarehe, kilomita, na kilichobadilishwa. Mdogo wangu alirudi Moshi kulitazama upya, akafungua boneti, akakuta kikadi cha oili kimefungwa kwa waya, cheusi kwa vumbi na mafuta. Alipokifuta kikasomeka: mwaka 2021, kilomita 142,000. Dashibodi ilikuwa inasoma 118,000.

Kilomita hazirudi nyuma zenyewe. Huenda dashibodi ilibadilishwa baada ya kuharibika, huenda zilirudishwa kwa makusudi, na huenda muuzaji naye alilinunua zikiwa hivyo. Kwa injini ya 3S ya Noah hiyo, tofauti hiyo ina gharama yake, kwa sababu mkanda wa taimingi hubadilishwa kwenye kilomita 100,000 hivi. Bila risiti ya fundi yenye tarehe na kilomita, huwezi kujua mkanda uliomo umetembea kiasi gani, na ni salama kuhesabu kwamba utaubadilisha wewe. Tuliandika barua ya pili, fupi, kuuliza kuhusu kilomita na kuomba risiti ya mkanda.

Sasa kwa kaka yangu dalali wa Unga Limited, na wengine wanaosema kama yeye, ninaomba tu majina yatumike yanapostahili. Kivuli ukiite kivuli. Risiti ya pesa ndiyo stakabadhi. Kadi ni kadi, na ukiwa nayo mwambie mteja ina jina la nani. Na kama mkataba wa mkono wa pili haupo, sema "mkataba wa pili haupo," ili mteja ajue barua yake aiandike kwa nani.