Emoji usoni haimfichi mtu: dhana potofu kuhusu wasifu wa kutafuta mchumba

Kazi yangu ni kupitia wasifu wa watu walio kwenye Tinder, Bumble na programu nyingine za kutafuta wachumba. Wengi huniletea skrinshoti kwa WhatsApp na neno moja tu chini yake: "Boresha." Mara nyingi ndani ya picha hizo yumo mtu mwingine, na mtu huyo hana habari kwamba sura yake inatumika kumtafutia mwenzake mchumba. Nikiuliza, jibu ni lilelile: "Dada, si nimemziba uso?" Limenichosha, na leo nalijibu kwa kirefu.

Dhana: ukimziba mtu uso kwa emoji, hajulikani tena

Anajulikana. Anayekufahamu hakutambui kwa uso peke yake. Anakutambua kwa umbo, kwa unavyosimama, kwa mkufu usiouvua, kwa kochi la sebuleni kwenu. Na kumbuka wanaoona wasifu wako ni kina nani. Programu hizi hupanga watu kwa umbali, kwa hiyo unaowaonyesha picha ni watu wa mji wako: mfanyakazi mwenzake, jirani yake, binamu yake. Hao ndio hasa hawahitaji uso ili kumjua.

Nitoe mfano wa mteja mmoja wa Mombasa, nikibadilisha mambo madogo ili asitambulike. Picha yake ya kwanza ilikuwa ya harusini. Yeye amependeza kweli, suti imemkaa. Pembeni yake kuna mwanamke aliyewekewa moyo mwekundu usoni. Lakini mwanamke huyo amevaa sare ya upande wa bibi harusi, hina imepanda hadi kiwiko, na nyuma yao bango limeandikwa majina ya maharusi. Kila aliyehudhuria harusi ile angemjua kwa kutupa jicho mara moja. Asiyehudhuria naye ana njia: zana za kutafuta kwa picha, kama Google Lens, hulinganisha picha nzima, yaani nguo, maua, bango na rangi za ukumbi. Picha hiyohiyo bila moyo ilikuwa kwenye ukurasa wa mpiga picha wa harusi, wazi kwa yeyote. Moyo ule haukuzuia chochote.

Mwanamke mwenyewe alikuwa mtalaka wake. Fikiria amepata mchumba mwingine, kisha ndugu wa mchumba huyo anaiona picha hiyo Jumapili jioni na kuituma kwenye kundi la familia. Nani ataanza kueleza kwamba ni ya zamani?

Hata ukiacha faragha, picha ya aina hiyo inakuharibia wewe mwenyewe. Mwanamke anayepitia wasifu wako haoni suti. Anaona kuna mke anayefichwa. Mteja wangu alilalamika kwamba wanaomjibu huanza na swali "huyo ni nani?", na alidhani ni wivu. Wanauliza jambo la maana, na picha ndiyo imewafanya waulize.

Alitaka nimkate mwanamke abaki peke yake. Nilikataa, kwa sababu mkono wenye hina ungebaki begani kwake. Kanuni yangu hapa haina mjadala: ikiwa kumwondoa mtu kunaacha mkono, kivuli au nusu ya gauni, picha hiyo haifai, hata kama ndiyo unayoipenda kuliko zote. Ikiwa mtu huyo ni rafiki au dada yako na unataka abaki, mpigie umuulize, na umtajie jina la programu. "Naomba kutumia picha yetu" haitoshi. Atadhani ni ya stetasi.

Dhana: nikikata au kupaka rangi, kilichofichwa kimepotea

Si lazima. Mwaka 2023 iligunduliwa kasoro katika kihariri cha picha cha simu za Google Pixel: skrinshoti iliyokatwa ilibaki na sehemu ya picha ya mwanzo ndani ya faili, na iliweza kurejeshwa. Kasoro ilirekebishwa mwaka huohuo, lakini sasisho halikuweza kuzisafisha picha zilizokwisha kutumwa. Kosa ninaloliona zaidi ni dogo kuliko hilo: watu hupaka majina kwa kalamu ya kukolezea maandishi. Wino wake unapitisha mwanga. Ongeza mwangaza wa picha na maneno yanasomeka. Tumia umbo lililojaa, mstatili mweusi usiopitisha kitu, au kata kabisa.

Na kabla ya kutuma kwangu, tazama juu ya skrini. Mteja yuleyule alinitumia skrinshoti yenye arifa ya ujumbe wa dada mmoja, jina kamili na maneno ya kwanza ya mazungumzo yao. Mimi sikupaswa kuyaona hayo.

Dhana: mtoto wangu, ruhusa ni yangu

Ni kweli wewe ni mzazi. Lakini picha ya pili ya mteja huyu ilikuwa ya binti yake akiwa na sare, nembo ya shule ikisomeka kifuani. Hapo mgeni amejua sura ya mtoto, shule anayosoma, na kwamba baba yake anatafuta mwenza. Mtu mwenye nia mbaya kwa mtoto hana haja ya kujua zaidi. Masharti ya Tinder yenyewe hayaruhusu picha ya mtoto aliye peke yake. Nchini Kenya, mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Wewe si shule, na hakuna atakayekutoza kwa picha ya mwanao. Lakini wazazi waliokataa kwa shule walikuwa na sababu, na sababu hiyo haibadiliki anayechapisha akiwa baba.

Kusema una mtoto ni lazima, tena mapema. Kumwonyesha si lazima. "Nina binti, naishi naye" inatosha.

Dhana: kuboresha ni kuongeza chumvi

Nikiombwa nimpunguzie mtu umri, siandiki. Mkionana siku ya kwanza, uongo huo unakuwa jambo la kwanza analolijua kukuhusu. Picha uliyopiga na gari la rafiki kana kwamba ni lako ni uongo uleule, na namba ya gari ikionekana umemwanika na rafiki.

Dhana: ukali kwenye maelezo hufukuza wasumbufu

Mteja wangu aliandika: "Mcha Mungu. Sitaki drama. Wapiga mizinga wapite mbali." Wapiga mizinga hawasomi maelezo, wao hutuma ujumbe kwa kila mtu. Anayesoma ni dada mstaarabu, na anachosoma ni hasira ya mtu aliyeumizwa.

Nilimuuliza Jumamosi yake inakuwaje, nikaandika alichojibu: "Fundi wa mafriji. Talaka yangu ilikamilika, nina binti, naishi naye. Jumamosi alasiri utanikuta ufukweni nikila mihogo ya kukaanga. Pilipili naweka nyingi. Natafuta mke, si mazungumzo ya usiku tu." Sentensi ya mwisho ni kali kidogo, nayo niliiacha kwa makusudi, kwa kuwa inasema anachotaka bila kumtukana mtu.

Picha ya harusi tuliibadilisha na moja aliyopigwa na kijana wake wa kazini baada ya saa kumi, jua limeshuka, akiwa kwenye karakana na bisibisi mkononi. Nyuma yake kulikuwa na friji la mteja lenye namba ya simu iliyobandikwa, kwa hiyo walisogea hatua mbili wakapiga tena.