Njaa ya saa tatu asubuhi si dalili ya minyoo

Kuna ujumbe unaosambazwa kwenye simu: "Ukila ukashiba, kisha njaa ikarudi baada ya saa mbili, una minyoo. Meza dawa na uwatumie wengine."

Mara nyingi sababu iko kwenye sahani yenyewe. Chukua chai yenye vijiko vitatu vya sukari na vipande viwili vya mkate mweupe, saa moja asubuhi. Unga uliokobolewa hauna nyuzinyuzi nyingi, kwa hiyo tumbo huupitisha upesi na sukari hupanda haraka kwenye damu. Kongosho hujibu kwa kutoa insulini nyingi, homoni inayoshusha sukari. Kufikia saa tatu au saa nne, kwa baadhi ya watu, sukari hushuka chini kidogo ya ilipoanzia, na ubongo hudai chakula.

Jipime mwenyewe. Siku moja kula mlo huo na uandike saa njaa iliporudi. Siku nyingine, saa ileile, kula maharage na kiazi kitamu, au yai na mkate wa ngano isiyokobolewa, chai bila sukari. Kwa wengi, njaa huchelewa zaidi kurudi.

Mkanganyiko unaeleweka, kwani minyoo ipo kweli. Lakini mara nyingi haina dalili, na mingine hupunguza hamu ya kula. Hupimwa kwa kuchunguza choo kikubwa maabara. Njaa isiyoisha pamoja na kiu na kukojoa mara kwa mara inahitaji kupimwa sukari, na ujumbe huo wa minyoo unaweza kumchelewesha mtu wa namna hiyo. Tafadhali usiusambaze.