Kwa Nini Majibu ya Kikundi Hufanana, na Kosa Linasema Nini

Wanafunzi wanne wamejisomea pamoja jioni nzima, kila mmoja akaenda kuandika kazi yake, na bado mwalimu amewaita. Wanaapa kwamba hawakunakili. Huenda wanasema kweli, na huenda pia walivuka mpaka bila kujua. Ninaposahihisha kazi za namna hii, majibu sahihi hayanisaidii sana, kwa sababu hesabu yenye jibu moja itawapa jibu hilohilo hata watu wasiojuana. Naangalia makosa.

Chukua swali dogo la takwimu: tafuta mkengeuko sanifu wa sampuli yenye namba 4, 7, 9, 10 na 15. Wastani ni 9. Tofauti za kila namba na wastani ni -5, -2, 0, 1 na 6, na miraba yake ni 25, 4, 0, 1 na 36, jumla 66. Kwa kuwa ni sampuli, tunagawanya kwa 4, tunapata 16.5, na kipeuo chake cha pili ni 4.06.

Sasa tuseme wote wanne wamegawanya kwa 5, wakapata 3.63. Hilo halinishtui. Kusahau kutoa moja kwenye idadi ya namba ni kosa la kila darasa, na kikundi kilichoelewa vibaya pamoja kitakosea pamoja. Lakini tuseme wote wanne wamejumlisha miraba ile wakapata 65, kisha wakagawanya kwa 4 vizuri, wakaishia na 4.03. Hapo pana jambo. Kuteleza kwenye kujumlisha hakutokani na uelewa wa somo. Hakuna anayemfundisha mwenzake kwamba 66 ni 65. Kosa la namna hiyo mara nyingi huhama kwa njia moja, nayo ni jicho lililokuwa juu ya karatasi ya mwingine. Ndiyo maana kosa adimu lina uzito kuliko makosa kumi ya kawaida.

Kwenye insha mambo ni magumu zaidi. Kikundi kikikaa saa mbili, mara nyingi mmoja huongea zaidi, na maneno yake ndiyo yanayobaki vichwani mwa wote. Mtu akipiga picha ya ubao na kuituma kwa wenzake, wote wanaondoka na muhtasari mmoja. Hoja tano zinaweza kupangwa kwa njia 120, lakini insha nne zinakuja zikiwa na mpangilio uleule, mfano uleule na kiungo kilekile kati ya hoja ya tatu na ya nne. Hakuna sentensi iliyonakiliwa, na programu ya kulinganisha maandishi inaweza isione kitu, lakini kazi ya kufikiri imefanywa mara moja na kuwasilishwa mara nne. Kama mpangilio huo ulitoka kwenye mhadhara, basi kufanana kwao hakuna hatia, na msahihishaji makini ataangalia hilo kabla ya kumshtaki mtu.

Mpaka hasa umewekwa na maelekezo ya kazi yenyewe. Mwalimu akiandika kwamba kila mtu afanye peke yake, kujadili mada kwa kawaida kunaruhusiwa, lakini kutengeneza jibu pamoja hakuruhusiwi. Maelekezo yasipokuwa wazi, muulizeni kabla ya kukutana. Na yule aliyetuma faili lake “uangalie tu” kwa kawaida huhesabiwa mkosaji sawa na aliyelitumia.

Kinachofaa kikundi ni kujifunza njia kwa namba nyingine. Tumieni 2, 3 na 7: wastani 4, miraba 4, 1 na 9, jumla 14, ukigawanya kwa 2 unapata 7. Ulizaneni kwa nini tumegawanya kwa 2 na si kwa 3, bishaneni mpaka aliyekuwa kimya aweze kueleza, kisha futeni ubao. Asiondoke mtu na picha. Acheni saa kadhaa zipite kabla ya kuandika, ili kila mmoja alazimike kuijenga hoja upya badala ya kukariri sauti ya mwenzake. Baada ya hapo msilinganishe majibu ya mwisho, kwa sababu hapo ndipo mwenye 4.06 sahihi huifuta na kuandika 4.03 ya wengi.

Kabla ya kuwasilisha, jipime: badilisha 15 iwe 20, ufanye upya bila msaada. Aliyeibeba hesabu bila kuielewa atagusa mraba wa mwisho tu, aandike 121 na kupata jumla ya 151. Aliyeelewa ataona kwamba wastani umehamia 10, kwa hiyo miraba yote imebadilika: 36, 9, 1, 0 na 100, jumla 146.