Weusi wa SDF kwenye meno ya watoto: ninachomweleza mzazi kabla ya tone la kwanza

Fomu ya ridhaa tunayoipeleka shuleni ina picha mbili za rangi. Ya kwanza inaonyesha meno ya mbele ya mtoto yaliyotoboka, ya rangi ya kahawia. Ya pili ni meno yaleyale wiki chache baada ya kupakwa dawa ya kuzuia meno yasiendelee kuoza, na sehemu zilizokuwa za kahawia zimekuwa nyeusi tii. Mimi hukataa kabisa fomu kwenda kwa wazazi bila hiyo picha ya pili. Ukiandika tu kwamba dawa "inaweza kubadili rangi ya jino", mzazi atafikiria umanjano kidogo, atasaini, halafu jioni mtoto atarudi nyumbani na kinywa ambacho mama yake hakukitarajia. Hapo hutakuwa umempoteza mama mmoja tu, maana kufikia kesho yake mtaa mzima utakuwa na habari.

Dawa yenyewe ni silva daimini floraidi, ambayo sisi kazini tunaiita SDF. Ni kimiminika kinachonukia amonia. Wajapani waliiidhinisha mwaka 1970, na nguvu inayotumika sana tangu wakati huo ni asilimia 38. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Kwetu sisi tunaofanya kazi shuleni, thamani yake ni rahisi kuiona: haihitaji umeme, haihitaji kuchimba jino wala sindano ya ganzi. Unahitaji tochi ya kichwani, pamba, gozi, kibrashi kidogo na mtoto aliyekubali kufungua mdomo.

Inavyofanya kazi ni hivi. Jino linapotoboka, bakteria walioko kwenye tundu hula sukari na kutoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha madini ya jino na kuliacha laini. Madini ya fedha yaliyomo kwenye SDF huwaua bakteria hao, nayo floraidi husaidia madini kurudi kwenye sehemu iliyolainika mpaka ikakaza. Weusi unatokana na madini hayohayo ya fedha yanapojikita kwenye sehemu iliyooza. Ndiyo maana jino zima lisilo na ugonjwa halibadiliki rangi hata likiguswa na dawa. Jambo moja ambalo wazazi hulisahau: tundu halizibiki. Shimo linabaki palepale, ila halichimbiki zaidi.

Nichukue mtoto mmoja wa darasa la awali, miaka mitano, kilo 16. Meno yake manne ya mbele juu yote yalikuwa na matundu ya kahawia karibu na ufizi. Chini kulia, gego la pili la utoto lilikuwa na tundu la wazi lililokuwa likimuuma anapokunywa kitu cha baridi au kula ubuyu, ingawa maumivu yaliisha akishameza. Chini kushoto, gego la kwanza lilikuwa limeoza sana, na kwenye ufizi chini yake kulikuwa na kijipu kidogo.

Gego la kushoto halikuwa la SDF. Kijipu kinamaanisha kwamba uambukizo umeshafika ndani ya kiini cha jino, na kupaka dawa juu yake ni kufunika ugonjwa unaoendelea. Ndivyo ilivyo pia kwa jino linalomwamsha mtoto usiku kwa maumivu yanayokuja yenyewe bila kuchokozwa. Mtoto huyo tulimwandikia rufaa ya kituo cha afya, jino likang'olewa. Kosa ninalolikuta mara nyingi kwenye programu za jamii ni hili hasa, mtu amefurahia kasi ya kupaka akasahau kukagua ufizi na kuuliza juu ya usiku. Mzazi naye huamini jino limetibiwa, na baada ya miezi kadhaa shavu linavimba.

Gego la kulia halikuwa na mjadala. Jino lile huwa linakaa mdomoni mpaka mtoto afike miaka 10 au zaidi, kwa hiyo bado lina miaka mingi ya kutafuna, na weusi wake hauonekani mtoto akicheka. Mazungumzo yalikuwa juu ya meno ya mbele. Mama yake alikuja shuleni, akaitazama ile picha ya pili muda mrefu.

"Dokta, watamcheka."

"Wanaweza kumcheka, mama. Sitakuficha. Lakini haya meno ya mbele yanaanza kung'oka yenyewe kwenye miaka sita, saba. Weusi huu utaondoka nayo, na yatakayoota yatakuwa na rangi yake."

"Na tukiyaacha hivi hivi?"

Nilimwambia yataendelea kumong'onyoka, na mojawapo likifika kwenye kiini litauma au litaota usaha, na tutalazimika kuling'oa. Njia nyingine ni kuyaziba hospitalini, jambo ambalo kwa mtoto wa umri ule asiyetulia linaweza kudai apewe dawa ya usingizi. Akauliza kama anaweza kukubali gego peke yake. Bila shaka anaweza, na fomu yetu ina nafasi mbili za kutia tiki, meno ya mbele na meno ya nyuma, kwa sababu hiyohiyo. Utafiti mmoja wa wazazi uliofanyika New York ulikuta karibu theluthi mbili yao wanauvumilia weusi kwenye meno ya nyuma, lakini kwenye meno ya mbele ni chini ya theluthi moja. Mama huyu alitia tiki zote mbili, ila baada ya kumpigia simu bibi wa mtoto.

Sasa upakaji. Tone moja la SDF linatosha kupaka mpaka meno matano, na kikomo kinachofuatwa na wengi ni tone moja kwa kila kilo 10 za uzito kwa mara moja. Mtoto wa kilo 16 anapata tone moja, nalo lilimtosha kwa meno yake matano. Tone hilo lina floraidi miligramu moja na ushee, kiasi kilicho mbali mno na kile cha kumdhuru mtoto wa uzito huo. Kabla ya kufungua chupa ninauliza kama mtoto ana mzio wa fedha, na ninaangalia kama ana vidonda mdomoni au ufizi uliochubuka, maana dawa hii huunguza palipo na kidonda. Mwenye vidonda anasubiri vipone.

Ninampaka mafuta ya mgando kwenye midomo na kuzunguka mdomo, kisha kitambaa cha plastiki kifuani mpaka mapajani. Hapo watu huona ninazidisha. Ngozi ikiguswa na SDF hupata doa la kahawia ambalo halitoki kwa sabuni, linaisha lenyewe baada ya wiki moja au mbili. Shati jeupe la shule likiguswa, doa halitoki tena, na mzazi aliyesamehe meno meusi hatasamehe shati. Halafu natoa mabaki ya chakula kwenye tundu kwa gozi, naweka pamba pembeni ya jino kuzuia mate, nakausha. Kukausha ndiko kunakoamua mengi, kwa sababu mate huipunguza dawa nguvu. Nachovya kibrashi, napangusa ukingoni ili kisidondoshe, napaka ndani ya tundu na kuiacha kama dakika moja, kisha nafuta iliyozidi kwa gozi. Mtoto analalamika ladha ya chuma, anapewa maji. Hakuna haja ya kuchokonoa sehemu laini kwanza. Utafiti uliofanywa Guangzhou, China, na kuchapishwa mwaka 2002 na Chu na wenzake, ulionyesha kwamba kuiondoa hakukuongeza idadi ya matundu yaliyosimama, yaani yaliyoacha kuendelea kuoza.

Wiki chache baadaye tunarudi kuangalia, na hapa ndipo weusi unapokuwa kipimo. Ninapitisha kifaa chenye ncha butu juu ya tundu bila kukandamiza. Sehemu iliyosimama ni nyeusi, inang'aa kidogo, ngumu kama ukucha. Isiyosimama imebaki kahawia au ina weusi uliofifia, na kifaa kinazama kidogo. Wazazi wengine huja wamefurahi kwamba "kwa mwanangu haikutia weusi sana", na inabidi niwaambie kwa upole kwamba hiyo si habari njema. Kwa mtoto wetu, meno matatu ya mbele na gego yalikuwa magumu. Jino moja la mbele lilikuwa bado laini upande unaogusana na jirani yake, mahali ambapo kibrashi hakifiki vizuri na mswaki haufiki kabisa. Tulilirudia.

Mwaka mzima kwa tone moja ni mrefu mno. Kwenye shule za chekechea za Hong Kong, watafiti waliwafuatilia watoto kwa miezi 30: waliopakwa asilimia 38 mara mbili kwa mwaka, karibu robo tatu ya matundu yao yalisimama, na waliopakwa mara moja kwa mwaka ilikuwa kama theluthi mbili. Tofauti hiyo ni kubwa zaidi kwa watoto wenye meno machafu.

Gego la yule mtoto, kwa kuwa tundu lilikuwa pana na lilikuwa likibeba chakula, tulilizibia baadaye kwa glasi ayonoma, aina ya saruji ya kuzibia meno, kwa vifaa vya mkono tu. Njia hiyo ya kuziba bila mashine, ART, ilianzia hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980 pale Dar es Salaam, na inashangaza ni wangapi kati ya wenzangu wasiolijua hilo. Ukiziba juu ya SDF, kijivu hupenya kidogo pembezoni, lakini weusi mwingi hufichika. Kuna pia iodidi ya potasiamu, ambayo watu huipaka mara baada ya SDF ili kupunguza weusi. Mimi shuleni siitumii, kwa kuwa matokeo yake hayatabiriki na weusi unaweza kurudi, halafu mzazi anakuwa ameahidiwa jambo lisilodumu.

Kinachotusumbua zaidi kwenye programu ni dozi ya pili. Mtoto wa awali akipakwa mwezi wa tisa, dozi inayofuata inaangukia mwezi wa tatu, na kufikia hapo ameshaingia darasa la kwanza, pengine kwenye shule nyingine kabisa. Orodha tunayobaki nayo ni ya darasa ambalo halipo tena. Siku hizi kadi yenye tarehe na mchoro wa meno yaliyopakwa anapewa mzazi mwenyewe, na namba yake ya simu tunaiandika kwenye daftari letu, si la mwalimu.