Mpangaji kaondoka kabla ya mkataba kuisha: barua ya madai na amana

Dhana: Amevunja mkataba, basi amana yote ni ya mwenye nyumba.

Ukweli: Amana ni fedha ya mpangaji inayoshikiliwa kama dhamana. Mwenye nyumba hukata hasara anayoweza kuionyesha tu, na kinachobaki hurudishwa. Ndiyo maana barua yenye mstari mmoja wa “tumezuia amana yako kwa sababu ya uharibifu na kodi” haifai kitu. Haisemi ni uharibifu gani wala ni kodi ya mwezi upi.

Dhana: Anadaiwa kodi ya miezi yote iliyobaki.

Ukweli: Hapa ndipo barua nyingi huharibika. Tuseme mkataba ni wa miezi 12, kodi ni 600 kwa mwezi na amana ni 1,200. Mpangaji amekabidhi funguo mwisho wa mwezi wa nane bila kulipa kodi ya mwezi huo. Mwenye nyumba hukimbilia kuandika miezi minne, yaani 2,400. Lakini mpangaji mpya ameingia baada ya mwezi mmoja, na kodi ya nyumba moja hailipwi mara mbili kwa kipindi kilekile. Sheria za nchi nyingi pia humtaka mwenye nyumba atafute mpangaji mwingine kwa juhudi za kweli, asikae akihesabu deni. Kwa hiyo barua iandike 600 za mwezi wa nane na 600 za mwezi nyumba ilipokaa tupu, ikitaja tarehe ya funguo kukabidhiwa na tarehe mpangaji mpya alipoanza kulipa. Kama mkataba una kipengele cha kuondoka mapema kwa notisi, hicho kisomwe kwanza.

Dhana: Kila kilichochakaa ni uharibifu.

Ukweli: Rangi iliyofifia kwa jua na zulia lililobonyea kwa kukanyagwa mlangoni ni uchakavu wa kawaida, na mpangaji hatozwi. Kioo kilichovunjwa ni uharibifu: fundi ametoza 90, risiti ipo. Ukuta uliochorwa kwa wino nao ni uharibifu, ila rangi ile ilikuwa na miaka mitatu, na rangi ya aina hiyo ilitarajiwa kudumu minne. Kupaka upya ni 200, na robo tu ya maisha yake ndiyo iliyopotea, hivyo dai la haki ni 50. Kudai 200 zote ni kumfanya mpangaji alipie rangi mpya ya mwenye nyumba, na mimi naona hilo ni dhuluma.

Dhana: Amana ikiisha, deni limeisha.

Ukweli: Jumla ya kodi 1,200, kioo 90 na ukuta 50 ni 1,340. Toa amana ya 1,200, mpangaji bado anadaiwa 140. Barua ionyeshe hesabu hiyo hadi mwisho, iambatanishwe risiti na picha za siku ya kuingia na ya kutoka, na impe siku ya mwisho ya kulipa au kupinga kipengele kimoja kimoja. Picha za siku ya kuingia zikikosekana, dai la ukuta huwa gumu kulisimamia.