Alama 3 kwa mgonjwa aliyelazwa usingizi: dhana potofu kuhusu kipimo cha Glasgow

Dhana: Alama 3 maana yake ubongo umekwisha.

Kipimo hiki cha kiwango cha fahamu, kilichotolewa mwaka 1974, hakina sifuri. Macho hupewa 1 hadi 4, kauli 1 hadi 5, mwendo wa viungo 1 hadi 6. Asiyeitikia chochote hupata 3. Swali la kwanza ni hili: nani amemnyamazisha, jeraha au dawa?

Chukulia kijana wa bodaboda aliyegongwa barabara ya Jinja. Anafikishwa hospitali akiwa hafumbui macho hata akiitwa, ila anayafumbua akibinywa msuli wa bega: 2. Anaguna bila maneno: 2. Mkono wa kushoto unajikunja tu, lakini wa kulia unapanda juu ya mtulinga kuuondoa mkono wa muuguzi: 5, kwa kuwa huhesabiwa mkono unaofanya vizuri zaidi. Jumla ni 9.

Anatapika, na kuna hatari matapishi yaingie mapafuni. Anapewa dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli, anawekewa mpira wa kupumulia, kisha dawa ya usingizi ya mfululizo, midazolamu. Zamu inayofuata inaandika 3, na ndugu waliotoka Bombo wanaanza kulia. Huo ni uchungu ambao wangeweza kuepushwa, maana 3 hiyo inaeleza dawa. Misuli iliyolegezwa haisogei hata kama mgonjwa anasikia. Alama ya kumwelezea bado ni 9, pamoja na saa ilipopimwa.

Dhana: Mwenye mpira kooni apewe 1 ya kauli.

Mpira umepita katikati ya nyuzi za sauti, kwa hiyo kauli haikupimika. Andika NT, yaani haikupimika, usijumlishe, na taja dawa na saa iliyotolewa. Hata asiye na mpira anaweza kupunjwa: mzungumzaji wa Kinubi akiulizwa kwa Kiingereza ataonekana amechanganyikiwa. Muulize kwa lugha yake.

Dhana: Dawa ikisimamishwa, alama hurudi papo hapo.

Midazolamu iliyotolewa kwa muda mrefu hujilimbikiza, hasa ini au figo zikiwa dhaifu, na usingizi huweza kuendelea kwa saa nyingi, hata siku. Daktari ndiye huamua kama ni salama kuisimamisha, kwa sababu shinikizo la ubongo linaweza kupanda mgonjwa akihangaika.

Dhana: Basi hakuna cha kuangalia mpaka aamke.

Kipo, tena cha haraka: mboni. Morfini huzifanya ndogo zote mbili, lakini dawa hizi za usingizi haziwezi kueleza mboni moja iliyopanuka ghafla na kuacha kuitikia mwanga. Kwa kijana wetu, huenda damu inakandamiza ubongo. Muuguzi akiona hivyo amwite daktari saa hiyo hiyo, bila kusubiri dawa iishe mwilini.