Balungi la mama na kidonge cha presha

Swali: Shikamoo mfamasia. Mama yangu yuko Isevya hapa Tabora, ana miaka 61. Anameza nifedipini ya miligramu 20 asubuhi na jioni, presha ilikuwa imetulia. Juma lililopita aliletewa mabalungi, anakamua glasi nzima kila asubuhi. Sasa akiinuka anapata kizunguzungu na miguu imevimba. Tumeuziwa dawa feki?

Jibu: Marahaba. Feki kwa kawaida haifanyi kazi. Ya mama inaonekana inafanya kazi kupita kiasi. Kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna kimeng'enya kiitwacho CYP3A4. Kazi yake ni kuvunjavunja vitu vigeni kabla havijaingia kwenye damu, na nifedipini ni mojawapo. Katika kila kidonge anachomeza mama, karibu nusu ya dawa huharibiwa njiani, utumboni na kwenye ini. Watengenezaji wanalijua hilo, na kipimo cha miligramu 20 kimepangwa kwa kuhesabu hasara hiyo.

Balungi lina viambato vinavyokwenda kukishika kimeng'enya hicho cha utumbo na kukiua kabisa. Mlinzi akilala, dawa nyingi zaidi hupita. Mama hajaongeza kidonge, ila damu yake imeongezewa dawa.

Jambo hili liligunduliwa kwa bahati huko Kanada. Watafiti walikuwa wanapima pombe pamoja na felodipini, ndugu wa nifedipini, wakatumia juisi ya balungi kuficha ladha ya pombe. Mwaka 1991 walitoa matokeo: felodipini kwenye damu ilikaribia mara tatu kwa wastani, na wengine ilipita mara nne. Nifedipini ilipanda kwa theluthi hivi. Tofauti inatokana na hasara ya mwanzo: felodipini hupotea sana njiani, kwa hiyo mlango ukifunguka inafaidika zaidi. Amlodipini, ndugu yao mwingine, haipotei sana, ndiyo maana balungi halimsumbui sana anayeitumia.

Sitamsingizia balungi peke yake, maana nifedipini yenyewe huvimbisha miguu. Mpimeni presha hivi: akae dakika tano, mpime, asimame, mpime tena baada ya dakika moja na ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, kizunguzungu kina sababu. Aache balungi, asiache dawa, na aonane na daktari wake. Akizimia, akibanwa kifua au akishindwa kupumua, msisubiri, mpelekeni hospitali.

Swali: Basi anywe balungi asubuhi, dawa ameze mchana?

Jibu: Hapana, ingawa najua wengi hushauriana hivyo. Kimeng'enya kilichokufa hakifufuki. Utumbo lazima utengeneze kingine, na kurudi kama zamani huchukua siku mbili hadi tatu. Glasi moja inatosha kufanya madhara. Chungwa la kawaida halina shida hii.

Jihadharini na upande wa pili. Daktari akimpunguzia dawa wakati mabalungi yapo, msimu ukiisha presha itapanda, na hapo mtasema dawa imechoka. Mwambieni daktari kuhusu balungi kabla hajagusa kipimo.

Swali: Kuna dawa ya mimea inayofanya kinyume, yaani kupunguza nguvu ya dawa?

Jibu: Ipo. Inayojulikana zaidi ni ua la Ulaya, watu wa huku huliagiza kwa simu kwa ajili ya huzuni na kukosa usingizi. Kwenye kichupa huandikwa Hypericum. Lenyewe haliui kimeng'enya, huliamsha ini na utumbo kutengeneza vingi zaidi. Kwa kuwa kutengeneza kunachukua muda, mtu haoni kitu siku ya kwanza. Nguvu kamili huja baada ya wiki moja hadi mbili, na akiacha hubaki takriban wiki mbili nyingine. Mwanamke anayemeza vidonge vya majira anaweza kuona matone ya damu katikati ya mwezi, kisha mimba. Baadhi ya dawa za virusi vya ukimwi nazo hushuka vilevile. Ukiona dalili zimechelewa hivyo, ulizia kilichoanza wiki mbili nyuma, si kilicholiwa jana.

Swali: Na mlonge? Kila mtu hapa anaweka unga wake kwenye uji.

Jibu: Kwenye chupa za maabara, majani ya mlonge hupunguza kasi ya CYP3A4. Lakini Zimbabwe walipowapa unga wa mlonge watu waliokuwa wakitumia nevirapini, dawa ya virusi vya ukimwi, kiwango cha dawa kwenye damu hakikubadilika vya kutosha kuleta shida. Chupa haina tumbo. Hilo ni kwa nevirapini na kijiko kidogo cha unga, si kwa kila dawa wala kwa mlonge uliochemshwa ukawa mzito, kwa hiyo mkija dirishani kwangu na karatasi ya dawa, nitajieni na uji.